Pembetatu iliyoninyima alama 12

Juzi usiku kijana mmoja wa kidato cha sita, anasoma EGM, kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Kima cha chini cha mshahara kikiwekwa juu ya msawazo, wasio na ajira ni pengo lote au nusu yake? Mimi naona waliofukuzwa ni wachache kuliko pengo." Niliusoma nikiwa kwenye daladala ya Mbezi, mkono mmoja kwenye bomba, nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Swali hilohilo ndilo lililowahi kuniaibisha.

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa chuo, hapahapa Dar. Nilikuwa najiona. Uchumi nilikuwa nimefaulu vizuri sekondari, na kwenye kundi letu la kujisomea mimi ndiye niliyekuwa nashika chaki. Swali likaja la alama 15: chora soko la nguvukazi, weka kima cha chini juu ya msawazo, yaani juu ya ujira ambao wanaotaka kazi wanalingana na nafasi zilizopo, onyesha ukosefu wa ajira na mabadiliko ya ziada. Nikamaliza wa kwanza, nikatoka nje kunywa soda. Karatasi zikarudi, nina 3. Mhadhiri hakutaja jina langu, lakini aliiinua ile karatasi mbele ya darasa, na mwandiko wangu unaolalia kushoto hakuna asiyeujua. Akasema, "Huyu kawapa wafanyakazi pembetatu ya mabosi." Darasa likaangua kicheko. Miaka imepita, bado nakisikia.

Nilikuwa nimefanya nini? Nilikariri mchoro wa soko la mchele. Kwenye mchele, mwananchi ni mnunuzi, kwa hiyo ziada yake, yaani tofauti kati ya bei aliyokuwa tayari kulipa na ile anayolipa, iko juu ya bei, chini ya mstari wa mahitaji. Nami nikaiweka ziada ya mfanyakazi hukohuko juu. Kumbe kwenye soko la kazi mnunuzi ni mwajiri. Mfanyakazi ndiye muuzaji, anauza siku yake. Ziada ya mwajiri inakaa chini ya mstari wa mahitaji na juu ya mshahara. Ya mfanyakazi, yaani anacholipwa ukitoa kile kidogo ambacho angekubali, inakaa chini ya mshahara na juu ya mstari wa ugavi. Ushauri wangu wa kwanza basi ndio huo: kabla hujagusa rula, jiulize nani ananunua.

Sasa tufanye mfano. Chukua vibarua wa kushona kwenye vyumba vya cherehani Kariakoo. Namba nimezitunga mwenyewe ili zigawanyike vizuri. W ni ujira wa siku kwa maelfu ya shilingi, L ni idadi ya vibarua.

Mahitaji: L = 200 − 10W
Ugavi: L = 20W − 40

Ukizisawazisha unapata W = 8 na L = 120. Yaani kila anayetaka kazi kwa sh 8,000 anayo. Ziada ya waajiri ni pembetatu inayoanzia 20, pale mahitaji yanapogusa mhimili wa ujira, hadi 8: nusu ya 12 × 120, ambayo ni 720. Ya vibarua inaanzia 2, pale ugavi unapogusa mhimili huohuo: nusu ya 6 × 120, ni 360. Jumla 1,080, kwa maelfu ya shilingi kwa siku.

Kima cha chini kikiwekwa 10, waajiri wanataka watu 100 tu. Lakini wanaotaka kazi sasa ni 160, maana kuna mama aliyekuwa anauza vitumbua ambaye kwa 8,000 haoni sababu ya kuacha meza yake, ila kwa 10,000 anakuja. Wasio na ajira ni 60, pengo lote. Humo ndani, 20 ndio waliopoteza kazi na 40 ni wageni waliovutwa na ujira mpya. Mimi kwenye ile karatasi nilihesabu waliofukuzwa tu. Kijana wangu naye anaelekea hukohuko. Hesabu upande wa wanaotafuta, usihesabu waliofukuzwa peke yao. Nasema tena: hesabu upande wa wanaotafuta.

Ziada ya waajiri sasa ni nusu ya 10 × 100, yaani 500. Wamepoteza 220. Kati ya hizo, 200 hazikupotea hewani, zimehamia mifukoni mwa vibarua 100 waliobaki, kila mmoja 2 zaidi. Kwa vibarua, soma mstari wa ugavi pale penye watu 100: unakupa 7. Ziada yao ni pembetatu ya 250 chini ya 7, jumlisha mstatili wa 3 × 100 juu yake. Jumla 550, wamepata nyongeza ya 190. Jumla ya soko imeshuka kutoka 1,080 hadi 1,050. Zile 30 ndizo hazina mwenyewe: ni pembetatu ndogo kati ya mistari miwili, kuanzia L = 100 hadi 120.

Hapo vitabu vingi hukunja jamvi, na hapo ndipo mimi naanza kugomba. Ile 550 ina sharti ndani yake: kwamba zile nafasi 100 zimewaendea wale 100 ambao wangekubali ujira mdogo kabisa, wenye shida ya kazi kuliko wote. Jamani, Dar hii? Nafasi zikiwa chache anaingia shemeji wa msimamizi. Tuseme basi nafasi zinagawiwa kwa bahati nasibu kati ya wale 160. Ziada ya wote 160 kwa ujira wa 10 ingekuwa nusu ya 8 × 160, ni 640. Wakipata 100 kati yao, ni 400. Nyongeza ya vibarua inakuwa 40 tu badala ya 190, na hasara ya soko inaruka kutoka 30 hadi 180. Mchoro ni uleule, mistari ileile, wasio na kazi walewale 60. Kwa hiyo wewe unayepaza sauti kwenye kundi la WhatsApp kwamba kima kikipanda vibarua wote wanafaidi, au kwamba wote wanaumia, kwanza niambie nani kaingia mlangoni.

Na mchoro huu ni wa soko lenye waajiri wengi wanaogombania watu. Mwajiri akiwa mmoja mwenye nguvu ya kupanga ujira, kima cha chini kinaweza hata kuongeza ajira. Wachumi Card na Krueger walipolinganisha migahawa ya majimbo mawili ya Marekani, New Jersey na Pennsylvania, baada ya kima cha New Jersey kupanda mwaka 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, hawakuona ajira ikipungua. Tena kwetu kima cha sekta binafsi hupangwa kwa sekta, kwa hiyo usichore soko moja ukaliita Tanzania.

Yote hayo nilimwandikia kijana, sauti ya mahubiri na yote, naomba radhi. Asubuhi kanitumia picha ya daftari lake. Kapiga rula vizuri, ziada ya mwajiri iko juu, kila kona ina herufi. Ila mstari wa kima cha chini kauchora kwenye 6. Nikamjibu: mdogo wangu, hapo hakuna kilichobadilika, watu wanalipwa 8 tayari. Futa, upandishe.