Trela ya chaneli: usiisome kwa namba ya sabskraiba ya video

"Wakuu trela yangu ina viu 900 ila YouTube Studio inaonesha imeleta sabskraiba 3 tu, niifute?"

Usifute kwanza mkuu, hiyo 3 ilishanichanganya na mimi. Nina chaneli ya samaki na mapishi hapa Tanga, nikawa nafungua trela kwenye Studio naona sabskraiba wawili watatu, roho inaniuma. Kumbe ile namba inahesabu waliobonyeza wakiwa ndani ya ukurasa wa video yenyewe, na mgeni wala hafiki huko. Trela anaikuta juu kwenye ukurasa wa chaneli, akikupenda anabonyeza Subscribe palepale karibu na jina lako, basi YouTube inamuandika katokea ukurasa wa chaneli. Trela kazi imefanya ila sifa kapewa mwingine.

Fanya hivi, kwenye kompyuta ndo rahisi. Ingia Analytics, fungua Advanced mode, chagua trela peke yake, siku 28, kisha Traffic source uangalie mstari wa Channel pages. Viu za linki uliyotupia kwenye magrupu achana nazo, hizo siyo wageni wa ukurasani. Pitia na Subscription status uone wangapi ni Not subscribed, maana kuna sabskraiba wa zamani wanaiangalia tu. Halafu rudi kwenye chaneli nzima, ingia Subscription source, chukua waliotokea ukurasa wa chaneli ugawe kwa zile viu za Channel pages.

Trela yangu ya kwanza ilikuwa droni juu ya kisiwa cha Toten na muziki, sekunde 20 nzima hakuna mtu anayeongea. Grafu ya watazamaji inashuka kama imesukumwa. Shemeji yangu aliitazama akaniuliza "sasa hapa unauza nini?" Viu 420 za ukurasani, sabskraiba 13, yaani kama 3 kwa kila 100. Nikarekodi nyingine sekunde 40, inaanza pweza anadondoka kwenye mafuta na mimi nasema kila Ijumaa napika kilichoshuka asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea. Mwezi uliofuata viu 390, sabskraiba 27, karibu 7 kwa 100.

Nikashangilia mapema. Mwezi uleule video yangu moja ya samaki taa ilisambaa kwenye magrupu ya watu wa Tanga, kwa hiyo wengi walikuja ukurasani wameshanipenda tayari, hata ningeweka picha ya ndoo wangesabskraibu. Nikasubiri siku 28 nyingine zilizopoa: viu 360, sabskraiba 21, kama 6 hivi. Hiyo ndo naiamini.

Ila jua kwamba hesabu hii haikuoneshi mtu mmoja mmoja, kuna anayebonyeza bila kuitazama trela kabisa. Mi naitumia kupima trela mpya na ya zamani ya chaneli yangu mwenyewe tu, ya kwako usiipime na ya kwangu. Na kwa viu 40 au 50 usihukumu kitu, sabskraiba wawili tu wanaigeuza hesabu yote.