Anaona ngazi mbili mbili

"Shikamoo daktari. Mume wangu alianguka na bodaboda hapa Ipagala wiki tatu zilizopita. Akishuka ngazi anaona mbili mbili, moja juu ya nyingine, na sasa anatembea kainamisha kichwa kulia. Shida ni nini?"

Marahaba dada, pole sana. Mwambie azibe jicho moja. Picha zikibaki moja, tatizo ni macho kutokwenda pamoja.

Nashuku neva ya nne ya kushoto, mojawapo ya neva zinazotoka ubongoni kuendesha macho. Inaendesha msuli mmoja tu, mshazari wa juu, unaoshusha jicho likiwa limeelekea puani. Ndiyo maana ngazi na kusoma vinamsumbua. Neva hii ni nyembamba na ina njia ndefu fuvuni, kwa hiyo kichwa kikigongwa huumia kirahisi. Msuli huo pia hulizungusha jicho, sehemu yake ya juu ikielekea puani. Akilaza kichwa kulia, jicho la kushoto halidaiwi kazi hiyo. Mwambie akilaze kushoto: picha zikiachana zaidi, ni dalili kubwa.

Apimwe macho na kichwa hospitali ya rufaa wiki hii, na asiendeshe pikipiki. Nyingi hupona zenyewe kwa miezi kadhaa. Upasuaji husubiri kama miezi 6. Ila kope ikidondoka na mboni ikipanuka, hiyo ni neva ya tatu: mkimbize usiku huohuo.