Mtandao unakufa usiku: ni kampuni au ni nyumba yako?

“Niko Katuba. Asubuhi mtandao unakwenda vizuri, usiku unakufa. Kampuni wanasema ruta yangu ndiyo mbovu. Nitajuaje kosa ni la nani?”

Ndugu yangu, saa peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Saa mbili usiku kampuni inazidiwa na wateja, kweli, lakini ndiyo saa Wi-Fi za majirani zinapogongana na yako na watoto wote nyumbani wameshika simu. Kwa hiyo mimi hapa Bel-Air napima mara mbili kwa mfululizo: kwanza ruta yangu, halafu seva ya nje.

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kisha fungua `cmd` na uandike `ipconfig`. Namba ya ruta iko mbele ya `Default Gateway`. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo wengi wetu tunayo, ni `Passerelle par défaut`. Iweke mahali pa `192.168.1.1` katika faili hili, uliite `pima.bat`; `8.8.8.8` ndiyo seva ya nje, ya Google:

```
echo %date% %time% >> daftari.txt
ping -n 50 192.168.1.1 >> daftari.txt
ping -n 50 8.8.8.8 >> daftari.txt
```

Libofye mara mbili alfajiri, mchana na usiku, siku kadhaa; majibu yanaingia kwenye `daftari.txt`. Kabla ya kupima usiku, zima Wi-Fi ya ruta kwa dakika chache. Watu wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo kampuni inapowashinda: simu moja tu ikipakia video, foleni inajaa kwenye laini yako mwenyewe, na matokeo yanafanana kabisa na ya kampuni iliyozidiwa. Watoto watapiga kelele, wavumilie.

Kwangu, alfajiri ruta ilijibu kwa milisekunde 1, na nje kwa 60 hivi, bila pakiti kupotea. Saa mbili usiku ruta bado 1, lakini nje ilipanda hadi 380, na kwenye mstari wa `perdus` ziko 4 kati ya 50. Waya wangu mzima, ruta nzima, laini haina mtu: ucheleweshaji unaanzia baada ya ruta. Ikirudia jioni baada ya jioni, rudia pia kwa `1.1.1.1`, wasije wakasema seva moja ndiyo iliyolemewa. Ruta yenyewe ikijibu kwa 200 kupitia waya, hapo tafuta waya mwingine kwanza, au ruta nyingine.

Pembeni ya kila kipimo andika kama umeme ulikatika au mvua ilinyesha. Kama unatumia antena juu ya paa, kuharibika kwa siku za mvua tu ni jambo tofauti na msongamano wa jioni, na fundi atalitafuta kwingine.

Nilipokwenda ofisini kwao nilipeleka mistari ya alfajiri na ya usiku ikiwa sambamba kwenye karatasi moja. Habari ya ruta mbovu haikutajwa tena. Wakauliza niko upande gani wa mnara.

Na ukiona `ping` ni nzuri saa zote ila kasi imeganda palepale, mchana na usiku, angalia kifurushi chako: huenda umemaliza kiwango na wamekubana.