Kasi ya wastani yenye kituo katikati

"Grafu ya umbali na muda wa gari: km 40 ndani ya dakika 40, mstari ulale dakika 20, kisha ufike km 84 dakika ya 90. Nimepata km 74 kwa saa, kitabu kinasema 56. Nani kakosea?"

Kitabu kiko sahihi. Wewe umepata 60 kwa kipande cha kwanza na 88 kwa cha mwisho, ukajumlisha, ukagawa kwa 2. Hiyo inafaa tu kama kila kasi imedumu muda uleule, na hapa hata kile kituo umekiacha. Mstari uliolala maana yake umbali hauongezeki ila saa inatembea, kwa hiyo zile dakika 20 zinahesabiwa: 84 ÷ 1.5 = 56.

Angalia hiyo 1.5. Dakika 90 si saa 1.30, ukiandika hivyo utapata karibu 64.6, jibu linaloonekana zuri kabisa na ndiyo maana watu hawalishtukii. Gawa dakika kwa 60 kwanza.

Anayesema "toa dakika za kusimama" anapata 72. Hiyo ni kasi ya wastani wakati gari linatembea, swali lingine, ingawa baadhi ya mitihani huuliza hivyo bila kufafanua. Ukitakiwa mita kwa sekunde, gawa 56 kwa 3.6: takribani 15.6.