Kuhifadhi mazungumzo ya WhatsApp kama PDF

"Nagombana na mwenye nyumba wa Ntinda kuhusu paa linalovuja. Nataka mazungumzo yetu ya WhatsApp yawe PDF, picha na saa zikae kwa mpangilio. Natumia Android."

Pole ndugu. Usipige picha za skrini, maana zikichanganyika huwezi kuthibitisha mfuatano. Kwanza pandisha mazungumzo hadi mwanzo, upakue kila picha ambayo bado ina ukungu. Ambayo haipo kwenye simu haitatoka. Kisha gusa nukta tatu, More, Export chat, Include media, ujitumie kwa baruapepe. Ukijumuisha picha, kikomo ni jumbe 10,000 za karibuni.

Utapata faili la maandishi, na picha zikiwa kando. Fungua maandishi hayo kwenye Google Docs ukitumia kompyuta, utafute mstari kama huu:

```
14/03/2024, 18:42 - Mwenye Nyumba: IMG-20240314-WA0007.jpg (file attached)
```

Weka picha yenye jina hilohilo chini yake, uchague In line. Hapo ndipo wengi hukwama: picha isiyofungwa kwenye mstari huhama ukurasa mara unapoongeza nyingine juu yake. Mstari wenyewe usiufute, ndio unaobeba saa.

Ukiona WA0007 inafuatwa na WA0012, usihofu. Namba hizo huhesabu picha za mazungumzo yako yote ya siku hiyo, si haya tu.

Mwisho chagua File, Download, PDF Document. Faili la awali lihifadhi bila kuligusa, LC, yaani baraza la mtaa, au wakili akitaka kulinganisha.