Leicester, Chelsea na uzito wa mechi 16

Mwalimu, timu yangu ilitabiriwa kumaliza katikati ya msimamo, sasa imeshinda mechi tatu mfululizo. Niamini kwamba imebadilika, au ningoje? (Msomaji wa Morogoro)

Amini kidogo leo, na uendelee kuongeza kila mechi inapopita. Mimi makadirio ya kabla ya ligi kuanza huyahesabu kana kwamba ni mechi 16 zilizokwisha kuchezwa. Tuseme timu yako uliikadiria kupata pointi 1.3 kwa mechi. Mara 16, hiyo ni pointi 20.8 za kuanzia. Ongeza 9 ilizovuna uwanjani, unapata 29.8, kisha gawa kwa 19, yaani zile 16 na hizi tatu. Jibu ni 1.57.

Mechi tatu zimeitoa timu kwenye 1.3 na kuifikisha 1.57, ingawa uwanjani inapata 3 kamili. Hatua hiyo si ndogo, maana kwa msimu wa mechi 38 ni nyongeza ya pointi kama 10. Ila bado makadirio yana uzito wa mechi 16 dhidi ya tatu. Ikifika raundi ya 16 pande zote mbili zitakuwa sawa, na baada ya hapo uwanja ndio unaosema zaidi.

Hiyo 16 umeitoa wapi? Kwa nini isiwe 5 au 30? (Msomaji wa Kisumu)

Imetokana na kupima vitu viwili vinavyotuyumbisha.

Cha kwanza ni bahati ya mechi moja. Timu inapata 3, 1 au 0, na ukichukua mechi ambapo kila upande una nafasi sawa na sare ni kama robo ya mechi zote, wastani ni pointi 1.375, na matokeo huchepuka kutoka hapo kwa kiasi cha kawaida cha 1.32. Mchepuko huo ni mkubwa. Penalti moja ya dakika ya 90 inageuza 1 kuwa 3.

Cha pili ni makosa ya makadirio yenyewe. Nikipitia daftari zangu, naona kukosea kwa pointi 12.5 hivi juu au chini kwa msimu mzima wa mechi 38 ni jambo la kawaida kwangu. Gawa kwa 38, unapata kama 0.33 kwa mechi.

Sasa 1.32 ni mara nne ya 0.33. Nne ikizidishwa kwa nne ni 16, basi. Wewe ukikadiria vizuri kuliko mimi, namba yako itakuwa kubwa zaidi, maana makadirio yako yanastahili kusikilizwa muda mrefu. Kwa timu iliyopanda daraja, au iliyosajili kikosi kizima upya, mimi hushusha hadi 8 au 10, kwa sababu huko nakuwa nakisia tu.

Kaka, njia hii ingekupoteza mwaka wa Leicester. Au siyo? (Msomaji wa Mombasa)

Ingenipoteza kwa Leicester na kuniokoa kwa Chelsea, na zote mbili zilikuwa msimu mmoja. Tuzitazame pamoja.

Msimu wa 2014/15 Chelsea ilikuwa bingwa wa Uingereza kwa pointi 87, yaani 2.29 kwa mechi. Leicester iliponea chupuchupu kushuka daraja na kumaliza ya 14 kwa pointi 41, yaani 1.08. Kwa urahisi, tuzifanye hizo ndizo makadirio yetu ya msimu uliofuata. Tarehe 14 Desemba 2015 zikakutana katika mechi ya 16, Leicester ikashinda 2–1. Jioni ile Leicester ilikuwa kileleni ikiwa na pointi 35, na Chelsea ya 16 ikiwa na pointi 15. Siku tatu baadaye José Mourinho akaondoka.

Changanya. Chelsea: 2.29 mara 16 ni 36.64, ongeza 15, gawa kwa 32, unapata 1.61. Leicester: 1.08 mara 16 ni 17.28, ongeza 35, gawa kwa 32, unapata 1.63. Timu moja iko kileleni na nyingine inakaribia shimo, lakini hesabu inasema nguvu yao kuanzia hapo ni karibu sawa! Nakumbuka namna namba hizo mbili zinavyokaa jirani kwenye karatasi. Mkono unataka kuzifuta.

Zilibaki mechi 22. Kwa Chelsea, mtu aliyeshikilia ubingwa wa mwaka uliopita angetarajia pointi 50. Aliyetazama msimu ule tu angetarajia 21. Mchanganyiko unasema 35, na Chelsea ilipata 35 hasa, ikamaliza ya 10 kwa pointi 50. Kulenga barabara namna hiyo kuna bahati ndani yake, lakini upande wa kuegemea ulikuwa sahihi.

Kwa Leicester mchanganyiko ulisema 36. Ikapata 46 na kuchukua ubingwa kwa pointi 81. Hapo kosa kubwa lilikuwa langu la kuanzia, ile 1.08. Mechi tisa za mwisho za 2014/15 Leicester ilizoa pointi 22 kati ya 41 zake zote, ikishinda saba. Mkadiriaji makini angeipa mechi hizo uzito zaidi, asichukue tu jumla ya msimamo. Hata hivyo hakuna uzito ambao ungeniambia mwezi Agosti kwamba N'Golo Kanté angecheza vile.

Kila wiki nachukua namba ya wiki iliyopita nachanganya na matokeo yote ya msimu, lakini namba zinaruka sana. Nakosea wapi? (Msomaji wa Dodoma)

Unahesabu mechi zilezile mara mbili. Namba ya wiki iliyopita imeshameza matokeo ya nyuma, kwa hiyo ongeza mechi mpya peke yake. Kwa Chelsea ileile, mechi ya kwanza ilitoka sare 2–2 na Swansea. Sare ni pointi 1, pungufu ya 2.29 kwa 1.29. Gawa upungufu huo kwa 17, utoe kwenye 2.29, unabaki na 2.21. Mechi ya pili ilifungwa 3–0 na Manchester City: sasa unagawa kwa 18, unashuka hadi 2.09. Kigawanyo kinakua kwa moja kila mechi, na mruko unazidi kuwa mdogo.

Kwa Ligi Kuu Bara nitumie 16 hiyohiyo? (Msomaji wa Mwanza)

Usiichukue bila kuipima, maana ligi ya timu 16 ina mechi 30, na nusu ya msimu ni mechi 15 tu. Usidanganywe pia na pengo kati ya Simba na Yanga na timu nyingine. Pengo hilo unalijua kabla ya ligi kuanza, kwa hiyo limo ndani ya makadirio yako. Kinachoamua uzito ni kiasi unachokosea.

Pima hivi. Baada ya raundi ya 15 andika utabiri wa kila timu kwa mechi 15 zilizobaki, halafu mwisho wa msimu linganisha. Tazama timu zilizokuwa zimevuka makadirio yako ya awali. Zikiendelea kwa jumla kuupita hata utabiri wako mpya, namba yako ni kubwa mno. Zikianguka chini yake, ni ndogo mno. Timu moja haitoshi kuamua. Chukua zote 16, na ukiweza misimu miwili au mitatu.