Waya mmoja umezidi, ofisi nzima haina mtandao

Ofisi nyingi za Kigoma mjini zimefungwa mtandao kwa mtindo uleule: ruta ya intaneti, swichi ya matundu 16 stoo, kisha waya mmoja kwenda kila chumba, na chumbani swichi ndogo ya matundu 8 chini ya meza. Anayefagia anakuta waya unaning'inia, anaona tundu la 6 la swichi hiyo liko wazi, anauchomeka. Kumbe ncha ya pili ya waya huo tayari iko kwenye swichi hiyohiyo, tundu la 3. Sekunde chache baadaye printa haionekani, Wi-Fi inasuasua, na lawama zinapelekwa kwa kampuni ya intaneti.

Kinachotokea ni hiki. Kompyuta inayoitafuta printa hutuma ulizo kwa wote. Swichi hunakili ulizo hilo na kulitoa kila tundu, isipokuwa lile lilipoingilia. Kukiwa na kitanzi, nakala iliyotoka tundu la 3 inaingia tundu la 6, inanakiliwa tena, huku nyingine ikizunguka kinyume chake. Pakiti inayovuka ruta ina kihesabu kinachopungua kila hatua mpaka ife. Fremu inayopita kwenye swichi haina. Haichoki. Laini ya megabiti 100 hubeba fremu ndogo zipatazo 148,800 kwa sekunde, na zote sasa ni ulizo lilelile. Kwa kuwa ni za wote, zinafika kila chumba, na kila kompyuta inalazimika kuzisoma.

Ndiyo maana kuzima na kuwasha swichi hakusaidii. Mambo yanatulia kidogo, kompyuta ya kwanza inauliza kitu, dhoruba inaanza upya.

Nenda stoo uangalie taa. Siku ya kawaida kila tundu lina mpepeso wake. Kwenye dhoruba zote zinapepesa kwa pamoja, kasi kiasi cha kuonekana kama zimewaka tu. Chomoa waya za vyumba, mmoja mmoja, na subiri sekunde 5 baada ya kila mmoja. Tuseme ukichomoa wa tundu la 7 zilizobaki zinatulia. Usiurudishe. Nenda chumba hicho uitazame swichi ya chini ya meza. Ikiwa bado inapepesa kwa wazimu ingawa imekatwa na stoo, kitanzi kiko ndani yake: fuata kila waya kwa mkono mpaka ukute ule wenye ncha zote mbili hapohapo. Ikiwa imetulia, kitanzi kinapitia stoo, yaani chumba hicho kina njia mbili za kufika huko, mara nyingi soketi mbili za ukutani zilizochomekwa kwenye swichi moja. Baki na njia moja.

Kinga ya tatizo hili ni STP: swichi hutumiana ujumbe mfupi uitwao BPDU kila sekunde 2, na ikigundulika njia ya ziada, tundu moja linafungwa. Ila swichi za bei rahisi za chini ya meza hazina STP kabisa. Fedha ikiruhusu kubadilisha moja tu, badilisha ya stoo, uweke inayopangiliwa. Kwa swichi ya Cisco, matundu yaendayo vyumbani yaandikie hivi:

```
interface range FastEthernet0/1 - 14
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
 storm-control broadcast level 1.00
```

Swichi ya stoo itatuma BPDU chumbani, kitanzi kitairudisha, na tundu litajizima papo hapo. Chumba hicho kitakosa mtandao. Vingine vitaendelea na kazi. Tundu hubaki limezimwa mpaka ulifungue kwa `shutdown` kisha `no shutdown`, na hilo tunaona ni jema, kwa sababu mtu analazimika kwenda kuutafuta waya. Usiweke `bpduguard` kwenye tundu linalokwenda kwenye swichi nyingine yenye STP, maana litazimika bila kosa.

Kuna kasoro moja: baadhi ya swichi rahisi humeza BPDU badala ya kuipitisha. Hapo `bpduguard` haioni kitu, na kinachobaki ni mstari wa `storm-control`, unaotupa fremu za wote zikizidi asilimia 1 ya uwezo wa tundu. Kwa hiyo jaribuni jioni, watu wakishaondoka. Chukua waya mfupi, chomeka ncha zote mbili kwenye swichi ya chumba kimoja, hesabu hadi 10, kisha stoo andika:

```
show interfaces status err-disabled
```

Tundu la chumba hicho likitokea kwenye orodha, chomoa waya, lifungue, nenda chumba kinachofuata. Lisipotokea, swichi ya chumba hicho ndiyo ya kubadilishwa kwanza.